Panya wa juu, sumu ya chini

Assalaam alaykum mzee wangu,

Nina duka la vyakula hapa Chake Chake, nimeachiwa na marehemu baba. Nauza mchele, unga, maharage, sukari, biskuti na ng'onda kidogo. Tumo safu ya milango saba chini ya paa moja la mabati. Tangu masika yaanze panya wamenishinda. Mapolo ya mchele nayakuta yametobolewa, tena si chini, ni huku juu kwenye mshono. Rafu ya juu nafuta mavi yao kila asubuhi. Nilinunua sumu ya unga kwa kijana anayepita na kapu, nikaiweka pembe nne za duka. Wiki ya tatu hii haijaguswa. Nikaleta paka, yeye analala juu ya mapolo. Mchele wa polo lililotobolewa nimekuwa nikiupeta, nauchagua, nauza, na moyo wangu hautulii. Juzi kaja bwana afya, kaona mavi, kaona na paka. Kaniandikia karatasi: wiki nne, akirudi akikuta hali ile ile anafunga duka. Mtaji wangu wote umo humo. Nianzie wapi?

Mwenye duka, Chake Chake

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Anza na ile sumu, na uanze leo. Vaa glavu za mpira, ifute kwa kitambaa kilichotota maji, usiifagie ikarusha vumbi. Tia kila kitu kwenye chombo chenye kifuniko, andika juu yake SUMU, kiweke mbali na watoto na umkabidhi bwana afya. Unga usio na karatasi wala jina la dawa iliyomo huwezi kujua ni kitu gani. Nyingine ni dawa za wadudu wa shambani, na kiasi kidogo tu kinamuua mtu. Mtoto akiramba, daktari atauliza "kala nini?" na wewe hutakuwa na jawabu.

Hata sumu halali, yenye karatasi yake, si ya kuwekwa wazi ndani ya duka la chakula. Zile zinazotumika sana siku hizi huzuia damu isigande, na panya hafi pale pale. Hufa baada ya siku tatu, nne, mara nyengine wiki. Katika siku hizo anapanda kwake darini, anafia huko, na wewe utauza sukari chini ya mzoga unaonuka. Tena panya ana tabia ya kubeba chakula kwenda kukificha. Nimewahi kuzikuta tembe za sumu ndani ya polo la maharage, umbali wa hatua sita kutoka pale zilipowekwa. Mahali pa sumu ni nje ya jengo, ndani ya kisanduku kinachofungwa kwa ufunguo, na aiweke mtu aliyefunzwa.

Sasa kuhusu panya mwenyewe. Huyo ni panya wa juu, na ushahidi umeuleta mwenyewe bila kujua. Meno yake yako kwenye mshono wa juu, mavi yako rafu ya juu, na chini hajashuka hata kuionja sumu. Pemba tunamjua. Ndiye anayetoboa nazi changa mnazini. Ukipita shamba ukaiokota nazi iliyoanguka ina tundu la mviringo karibu na kikonyo, hiyo ni kazi yake. Ni mwembamba, masikio makubwa, mkia wake mrefu kuliko kiwiliwili. Boriti, waya wa umeme na tawi la mfenesi kwake ni barabara. Masika yakilowesha viota vyake vya mitini anatafuta pakavu, na chini ya mabati ya madukani ni pakavu na pana harufu ya mchele.

Yuko mwengine, wa mitaroni na bandarini, mnene, pua butu, mkia mfupi kuliko mwili. Huyo huchimba na hupita chini. Angekuwa ndiye, ningekupeleka kwenye mtaro na misingi ya ukuta. Ili uwe na hakika, kesho asubuhi kabla hujafuta yaangalie mavi yenyewe kwa tochi. Ya panya wa juu ni membamba, yamechongoka ncha zote mbili na yamepinda kidogo. Ya wa mtaroni ni manene na ncha zake butu. Yote mawili hupita sentimita moja kwa urefu. Ukiona madogo mno, mfano wa punje ya mchele, hao ni vipanya vya nyumbani, nao hupita kwenye upenyo mwembamba zaidi. Angalia na rangi. Meusi yenye kung'aa, ukiyabonyeza kwa kijiti yanalainika, hayo ni ya jana. Ya kijivu yanayovunjika kama udongo ni ya zamani. Bwana afya anaijua tofauti hiyo, ndiyo maana nataka wewe uijue kabla yake.

Usifunge tundu lolote hivi sasa. Kwanza tujue wanapita wapi, na wa kutuambia ni wao wenyewe.

Ukifunga duka jioni, kata vipande vya karatasi ngumu vya maboksi, ukubwa wa viganja viwili. Vinyunyizie unga wa ngano au poda, tabaka jepesi sana, mpaka rangi ya boksi ionekane kwa mbali. Viweke juu ya ukuta pale unapokutana na mabati, kila pembe. Kimoja juu ya boriti, kimoja rafu ya juu, kimoja nyuma ya mlango kwa chini, na kimoja pale waya wa umeme unapoingilia. Asubuhi chukua tochi na uimulike kwa ubavu, si kwa juu, ili mwanga ulale juu ya unga. Utaona nyayo ndogo za vidole, na katikati yake mstari mwembamba ulioburuzwa: huo ni mkia. Fanya hivyo usiku mitatu mfululizo, na kila asubuhi andika kwenye daftari ni kipande gani kimekanyagwa.

Nakueleza duka moja la Wete nililolikagua kabla sijastaafu. Mwenyewe aliapa kwamba panya wanaingia mlangoni. Alikwisha kutia bati chini ya mlango, akaziba na kizingiti kwa saruji, gharama yote ile, na mapolo yanaendelea kutobolewa. Tukaweka unga. Usiku wa kwanza mlangoni hapana kitu, usiku wa pili hapana kitu. Kipande cha pembeni juu, upande wa mita ya umeme, kimekanyagwa mpaka kimekuwa kama uwanja wa mpira. Tukapanda ngazi. Fundi wa umeme alitoboa ukuta tundu la vidole vitatu apitishe waya mnene kama kalamu, akaondoka. Kwenye boriti chini ya tundu kulikuwa na doa jeusi, linang'aa, kama lile linaloachwa na mikono ya watu kwenye mwimo wa mlango wa zamani. Nikapitisha kidole, kikatoka na mafuta. Hayo ni mafuta na uchafu wa manyoya ya panya, anapopita pale pale kila usiku. Doa likiwa linapakaa, njia inatumika. Likiwa kavu na linabanduka, njia imeachwa. Yule bwana alikuwa amepita chini ya doa lile miaka miwili hajaliona, kwa sababu hakuna anayetazama juu ndani ya duka lake.

Wewe una jambo la pili la kulitazama huko juu, nalo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Milango saba chini ya paa moja: kuta zinazowatenga zimefika kwenye mabati, au zimeishia usawa wa dari? Mwambie fundi apande na tochi, asikuambie kwa kukisia. Maduka mengi ya safu namna hiyo ukuta huishia darini, na juu yake ni uwazi mmoja kutoka mlango wa kwanza mpaka wa saba. Kama ndivyo, hata ukiwanasa wote walio kwako, kesho watakuja wa jirani. Na usimsahau jirani asiyeuza chakula. Mwenye duka la vitambaa hana panya wa kula lakini ana panya wa kulala, kwa kuwa vitambaa na maboksi ndiyo malighafi ya kiota.

Dawa yake ni wavu wa chuma usiopata kutu upesi, matundu yake yasizidi milimita 6, upigiliwe kutoka juu ya ukuta mpaka kwenye mabati, ukatwe ufuate mawimbi ya bati. Wavu wa plastiki wa kuzuia mbu ni kazi bure, anaukata kwa usiku mmoja. Ukiweza kuwakalisha majirani mkachangia, safu nzima ifanywe kwa siku moja, gharama ya kila mmoja itashuka na kazi itadumu. Kama jengo lina mwenyewe mnayemlipa kodi, paa ni lake. Mwandikieni barua, mbakie na nakala. Majirani wakikataa, weka wavu upande wako tu. Utakulinda, ila itabidi uukague kila mwezi maana upande wa pili watakuwepo wanaotafuta upenyo.

Matundu mengine kipimo chake ni rahisi. Tundu ambalo kidole chako cha shahada kinapita, panya mchanga anapita. Ambalo kalamu ya risasi inapita, kipanya cha nyumbani kinapita. Chini ya hapo usijisumbue. Vitu vya kuzibia ni saruji na mchanga, moja kwa tatu, lakini kwanza shindilia ndani waya wa kusugulia masufuria, ule wa chuma, ndipo upake saruji juu yake. Saruji peke yake kabla haijakomaa anaichimbua. Waya peke yake, kwa hewa hii yetu ya chumvi, haumalizi mwaka kabla haujawa unga wa kutu. Pamoja vinashikana. Tambara, mbao, sponji, povu la kopo, vyote hivyo anavitafuna. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, na kutafuna vitu vigumu ni katika maumbile yake. Matundu ya kupitisha hewa usiyazibe kwa saruji, mchele unahitaji hewa. Yatie ule wavu wa chuma.

Nje, tawi lolote lililokaribia paa likatwe mpaka pabakie mita mbili. Mnazi uliosimama peke yake unaweza kuvishwa bati lenye upana wa mkono mmoja kulizunguka shina, juu kuliko kimo cha mtu. Kucha zake zinateleza. Mnazi ambao makuti yake yanagusa paa au mnazi mwengine, bati halikusaidii kitu.

Lakini nimesema usizibe bado. Ukiziba yote leo na wao wamo ndani, umejifungia nao, na chakula pekee kilichobaki ni chako. Mama mwenye watoto akifungiwa nje, watoto watakufa darini na harufu utaisikia wewe na wateja wako. Ziba matundu yote yale ambayo unga umeonesha hayatumiki au yanatumika kidogo. Ile njia kuu moja iache, na hapo ndipo pa mitego.

Mitego nunua ile ya kubana, yenye springi kali, na usinunue mmoja. Kwa duka la mlango mmoja anza na sita. Panya wa juu ni mwoga wa kitu kipya. Akikuta kitu ambacho jana hakikuwepo anakizunguka siku kadhaa. Mtu anatega siku ya kwanza, hanasi, anasema panya wa siku hizi wajanja, anaweka mtego kabatini. Wewe iweke bila kuitega, na chambo juu yake, usiku nne au tano. Waache wale, wazoee. Siku chambo chote kitakapokuwa kinaliwa, tega yote kwa usiku mmoja.

Chambo kizuri ni kipande cha nazi kilichobabuliwa motoni kikatoa harufu, au nusu ya tende. Kifunge kwa uzi kwenye ulimi wa mtego ili asikipokonye na kukimbia. Anapovuta uzi ndipo mtego unapofyatuka. Mtego ukae umeupa ukuta uso, ule upande wenye chambo ndio uguse ukuta, kwa sababu panya hupita ubavu wake ukiwa unagusa kitu. Ya kwenye boriti ifungwe kwa waya isianguke, na kamwe usitege juu ya chakula kilicho wazi. Ile gundi ya panya siipendi. Vumbi la unga linaiharibu kwa siku mbili, na panya aliyenasa hukaa hai akipiga kelele na kukojoa mpaka asubuhi, ndani ya duka la chakula.

Aliyekufa mnyanyue na glavu, mfukie shimo refu la kwenda magotini, au mfunge vizuri umtie kwenye pipa la taka lenye kifuniko. Usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu utanasa wengi. Kisha patakuwa kimya, na hapa ndipo watu wanapokosea. Mimba ya panya ni kama wiki tatu, na watoto wanakaa kiotoni karibu mwezi kabla hawajaanza kutoka wenyewe. Ukimya wa wiki ya pili unaweza kuwa ni wa kusubiri tu. Mitego iendelee wiki sita, hata kama bwana afya keshakuja keshaondoka. Vipande vya unga virudishe pale pale, na vikikaa usiku saba mfululizo bila alama ndipo uizibe ile njia kuu.

Kuhusu mchele wa polo lililotobolewa: usiuuze, mwanangu. Moyo wako umekwambia kweli. Kupeta kunaondoa mavi na punje zilizovunjika. Mkojo hauondoki, na panya hukojoa kila anapopita, matone madogo yasiyoonekana. Humo ndimo vinamopita vijidudu vya homa ya mgunda, na katika mavi yake kuna vile vya kuharisha. Wala sina haja ya kukukumbusha kwamba mkojo huo ni najisi. Polo lililotobolewa litoe kwenye duka, lipime, andika kwenye daftari tarehe na kilo zilizotupwa, kisha lifukie au ulikabidhi kama bwana afya atakavyoelekeza. Usimpe mtu wa kuku kimya kimya, hujui litaishia kwenye jiko la nani. Najua kilo hamsini ni pesa nyingi kwa mtaji wako. Ndiyo maana kuanzia sasa usifungue polo zaidi ya moja kwa kila aina. Lililofunguliwa limimine kwenye pipa la bati lenye kifuniko cha kubana. Ndoo ya plastiki anaitafuna pale kwenye ukingo wa kifuniko. Mapolo mazima yakae juu ya chaga, nusu mkono kutoka sakafuni, na yaache nafasi ya kupita mtu kati yake na ukuta. Chaga hazimzuii panya wa juu, nakwambia ukweli, lakini zinakupa wewe pa kufagia na bwana afya pa kumulika tochi, na bila hizo hata duka lisilo panya halipiti.

Ng'onda ndiyo inayowaita kwa harufu kuliko kitu chochote humo. Itie kwenye chombo cha bati peke yake, au uiache kuuza kwa wiki hizi nne.

Paka mpeleke nyumbani. Anaweza kukamata watoto wa panya wanaoshuka chini, lakini dume lililo kwenye boriti hampati, na yeye mwenyewe anaacha manyoya na choo juu ya chakula cha watu. Bwana afya hakukuonea.

Kusafisha kuna namna yake. Usifagie mavi makavu, vumbi lake unalivuta mwenyewe. Fungua milango nusu saa, vaa glavu na kitambaa puani. Changanya jiki kikombe kimoja na maji vikombe tisa, mimina au nyunyiza mpaka yatote, subiri dakika tano, ndipo ukusanye kwa tambara la kutupa. Osha rafu kwa sabuni, kausha. Madoa meusi ya boritini yasugue nayo yatoke. Faida si usafi tu: baada ya siku hiyo, punje moja ya mavi ikionekana utajua ni mpya, na utajua iko wapi.

Wiki zako nne, basi, zitakwenda hivi. Ya kwanza unga usiku mitatu, usafi mkubwa, mapipa ya bati, na mitego isiyotegwa. Ya pili tega, na fundi azibe yale matundu ya pembeni. Ya tatu wavu wa juu na majirani, mitego inaendelea. Ya nne sikiliza unga. Kama hadi siku ya ukaguzi hujaweza kuiziba njia kuu, usiizibe kwa kumwogopa bwana afya. Muoneshe ilipo, muoneshe mitego na umueleze unasubiri nini.

Nimeshika tochi ile mimi mwenyewe miaka mingi, kwa hiyo nikuambie anachokitafuta. Mkaguzi hakutegemei kwamba Chake Chake nzima haina panya. Anatazama kama chakula kimefunikwa na kimenyanyuliwa, kama kuna mavi mapya, kama kuna upenyo ulio wazi, taka ziko wapi, na kama mwenye duka anajua kinachoendelea kwake. Hili la mwisho daftari ndilo linalolijibu: tarehe, mtego namba ngapi, umenasa au haukunasa, kilo zilizotupwa, siku fundi aliyokuja na stakabadhi ya saruji na wavu. Piga picha za matundu kabla na baada. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar na maafisa afya wa baraza la mji wanafanya kazi kwa maandishi, nawe wajibu kwa maandishi. Karatasi uliyopewa isome tena neno kwa neno. Kama haikutaja wazi unachotakiwa kurekebisha, nenda ofisini wiki hii uombe uandikiwe moja moja. Na usisubiri siku ya mwisho. Mwisho wa wiki ya tatu nenda na daftari lako, mwambie hili nimemaliza, hili limebaki, fundi anakuja siku fulani. Katika kazi yangu waliofungiwa wengi ni wale niliorudi nikawakuta na maneno matupu. Aliyenijia mwenyewe kabla ya siku zake, na kazi inaonekana, nilimuongezea muda mara nyingi.

Leo jioni kata yale maboksi. Usiku wa tatu ukipita uniandikie ni kipande gani kimekanyagwa, na fundi kaona nini juu ya ule ukuta wa jirani.